Quel, Lequel na Mwalimu Tuliyemsusia

Sikumpenda yule mwalimu wa Kifaransa, na sitaanza kumpenda leo. Nitamweleza kama alivyokuwa, na mimi nitajieleza kama nilivyokuwa. Atakayeniona mbaya na anione, maana mwenyewe nimeshajiona kabla yake.

Wakati huo nilikuwa nimekaa miaka kumi na mmoja kwenye meza ya safari katika hoteli moja ya Diani. Meza yenyewe iko kando ya mapokezi, na wageni huja hapo kuuliza habari za kwenda Shimoni kuona pomboo au kupanda milimani kuona tembo. Waingereza walikuwa na mtu wao na Wajerumani walikuwa na wao. Wafaransa na Wabelgiji walikuwa wangu mimi. Wakinikuta wanashangaa, mwanamke wa Bongwe, buibui na mtandio, anawasemesha lugha yao kama jirani yao wa mtaani.

Kifaransa nilikipata jikoni. Nilifanya kazi miaka tisa kwenye nyumba ya mume na mke wa Kifaransa kule Galu, nikiwalelea watoto wawili, na watoto hawamngoji mtu ajifunze kwanza. Ukiwachelewesha wanalia. Basi nikajua la cuillère ni kijiko na le bol ni bakuli, nikajua kugombeza, nikajua kubembeleza, na kitabu sikukifungua hata siku moja. Wale watu waliporudi kwao, hoteli ikanichukua, kwanza vyumbani kutandika vitanda, halafu meneja mmoja akanisikia nikizungumza na mgeni, akanitoa vyumbani akaniweka mezani.

Kuandika ndiko nisikokujua. Kiswahili naandika vizuri tu, na hati yangu inasomeka, lakini Kifaransa nikikiandika kinatoka vile ninavyokisikia. Hilo halikunisumbua kwa sababu nilikuwa na binti wa kuniandikia. Alikuwa mtoto wa jirani yangu Bongwe, msichana wa miaka ishirini na minne, ambaye alianzia kazi kwenye dobi la hoteli. Mvuke wa pasi na dawa za kufulia mashuka zilimkamata kifua, akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Mama yake akanilalamikia, nikaenda kumwombea kwa meneja, akaletwa mezani kwangu. Alikuwa amesoma Kifaransa kidogo sekondari. Yeye alijua kuandika bila kusema, mimi nilijua kusema bila kuandika, na kwa miaka mitatu kazi ilikwenda hivyo. Mimi nasema, yeye anaandika. Aliniita shangazi, na kifua chake kilipona.

Halafu wageni wakabadilika. Zamani mgeni alifika, akala, akalala, kesho yake akaja mezani kuuliza. Siku hizi anaandika kwenye simu akiwa bado kwao kwenye baridi. Anauliza ni safari ipi inayowafaa watoto, ni mashua zipi zenye kivuli, ni saa ngapi maji yanakupwa, na anataka ajibiwe hapo hapo kwa maandishi. Meneja mpya akatuita, akasema kila mtu wa mezani lazima ajue kuandika Kifaransa mwenyewe, bila ya kuandikiwa na mwenzake. Ataletwa mwalimu, darasa litakuwa la miezi mitatu, mwisho wake mtihani. Atakayefaulu atabaki mezani. Atakayeanguka atarudi idara aliyotoka.

Mimi nilitoka vyumbani. Kwa magoti yangu haya, kuinama chini ya vitanda kumi na sita kwa siku, hata mwezi nisingemaliza. Na binti alitoka dobini. Tulitazamana tu.

Mwalimu alikuwa msichana wa bara, ana digrii yake, umri wa kuwa mwanangu wa tatu. Siku ya kwanza aliingia kantini ya wafanyakazi, ambako tungesomea kila Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri, akanikuta nimekaa. Nikangoja. Si lazima mtu anipigie shikamoo kwa magoti, lakini mtoto akimkuta mtu mzima amekaa, mdomo wake unajua la kufanya. Yeye akasema, "Sasa mathee, wewe ndio ile mtu ya excursions? Sogea mbele, chukua kiti yako."

Lo! Kiti yako. Darasani tulikuwa sita, mimi na binti, wahudumu watatu wa mkahawa na bwana mmoja wa bwawa la kuogelea, na wote wakanitazama mimi kuona nitafanya nini. Nikasema kwa sauti ya upole, "Mwanangu, ni kiti chako. Na mtu huyo ni yule, si ile." Wakacheka. Hakusahau kicheko hicho, na mimi sikutaka akisahau.

Basi ikawa ni vita vya maneno. Yeye akisema "meza yenu ingine," mimi nasema "nyingine." Akisema "watoto gani, mashua gani, vyumba gani," kila kitu gani gani, mimi nauliza kama kwao hakuna kipi, ipi, lipi, yupi. Watu wa Pwani tuna kiburi cha lugha yetu, nakubali. Lakini mimi sikuwa nafundisha lugha, nilikuwa nachoma.

Wiki ya tatu akanilipa. Alikuja na karatasi, akasema amepewa na meneja ujumbe halisi ulioandikwa na watu wa mezani ili tuuchambue. Akasoma wa kwanza, kisha akauandika ubaoni herufi kwa herufi. Ulikuwa wangu. Binti alikuwa likizo siku ile nilipouandika. Nilitaka kumwuliza mgeni anataka chumba kipi na safari ipi, na niliandika hivi: *Kel shambre vu vule? Kel exkursion?*

Alicheka peke yake, akajifuta machozi. Akasema, "Sasa hii ni Kifaransa ama ni Kigiriama?" Halafu akanigeukia. "Mathee, miaka yote hiyo unakula mshahara ya French desk, kumbe hujui kusoma?"

Hujui kusoma! Mimi ninayesoma msahafu tangu nina miaka saba! Damu ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Nikakusanya mtandio wangu, nikasimama, nikatoka, na kwa Kifaransa kile kile cha jikoni nikamwambia maneno ambayo yule madamu wa Galu alikuwa akimwambia fundi wa paa akimharibia kazi. Aliyaelewa, maana shingo ilimwiva.

Jioni ile wenzangu wakaniuliza tufanye nini. Hapa kwetu mtu akikukosea adabu mbele ya watu, hupigani naye, unamsusia. Salamu yake unaitika, kwa kuwa kuitika salamu ni haki ya kila mja, lakini baada ya hapo ni basi. Humwulizi kitu wala humpi neno la ziada. Ana harusi, huendi. Ana msiba, unapita njia nyingine. Nimeona mtu aliyesusiwa na kijiji kizima, alihama mwenyewe bila ya kufukuzwa. Nikasema, "Tumsusie. Tutaingia darasani, tutaandika anachoandika ubaoni, akiuliza kama tumeelewa tutasema ndiyo mwalimu. Asiulizwe swali hata moja. Tumwone atafundisha nani."

Wote wakakubali. Wahudumu na yule bwana wa bwawa kwao ulikuwa mchezo, wao hawakuwa na meza ya kupoteza. Walikuja darasani kwa ajili ya cheti tu. Binti akawa wa mwisho kusema, "Haya, shangazi."

Na tulimsusia kweli. Mnajua kimya cha watu sita wanaotabasamu? Alikuwa akifundisha anasimama, anatungoja, anameza mate, anaendelea. "Mna swali?" Kimya. "Mmeelewa?" "Ndiyo mwalimu." Akajaribu ukali, akajaribu mzaha, siku moja alileta peremende. Peremende zikabaki mezani mpaka chungu wakazila. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilikuwa nikirudi nyumbani naoga, nakula vizuri, nalala fofofo.

Ilikuwa wiki ya sita alipofika kwenye *quel* na *lequel*. Akajaza ubao. *Quel, quelle, quels, quelles.* Chini yake *lequel, laquelle, lesquels, lesquelles.* Akasoma mstari wa kwanza, na mimi nikasikia neno moja likitajwa mara nne. Kel, kel, kel, kel. Nikajisemea moyoni, sasa huyu ana wazimu, neno moja anatuandikia namna nne. Sikuuliza, kwani nilikuwa ndiye kiongozi wa kimya.

Binti alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Nikaona mkono wake unapanda. Taratibu, kama mtu anayejikuna, lakini ulikuwa unapanda. Alikuwa ameandika kwenye daftari lake *Lequel bateau?* na pembeni ametia alama ya kuuliza kubwa. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Hakunitazama. Mkono ukashuka ukarudi kwenye kalamu.

"Mna swali?" mwalimu akauliza, na macho yalikuwa kwake.

"Hapana mwalimu," binti akasema.

Zikabaki wiki tano, zikabaki nne. Meneja akabandika tarehe ya mtihani kwenye ubao wa matangazo, na akaeleza utakavyokuwa. Tutapewa ujumbe ishirini wa wageni, tuujibu kwa maandishi, na kila jibu lazima limwulize mgeni swali moja la kuchagua. Safari ipi, siku zipi, mashua ipi, chumba kipi. Kazi ya mezani ndiyo hiyo, ni kuuliza mtu anataka kipi. Nilisimama mbele ya ile karatasi, magoti yakaanza kuuma pale pale kabla ya kitanda hata kimoja.

Jumapili ile nilivaa buibui nikashuka Ukunda. Mwalimu alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la dawa. Nikabisha hodi. Akafungua, akaniona, akakaa mlangoni kama mlango ni wake na wa babu yake.

"Umekuja kunitusi tena?"

"Nimekuja unifundishe."

"Leo unaongea?" Akacheka kwa pua. "Na wenzako?"

"Wenzangu hawajui kama niko hapa. Na hawatajua."

"Kwa nini nikufundishe mimi?"

"Kwa sababu tukianguka sote sita, meneja hatauliza kama tulinyamaza. Atauliza wewe ulifundisha nini."

Hilo lilimwingia. Alinitazama kwa chuki tupu, nikamtazama vile vile. Akasema, "Basi ambia hao wengine waache huo mchezo waulize maswali."

"Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

Ningewaambiaje? Waseme nini, kwamba mwenye kususia ndiye wa kwanza kusalimu amri? Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto wetu hivyo kila siku, lakini mimi nilitaka niulize na heshima yangu ibaki nzima. Akasogea nikaingia. Maji hakunipa, na kama angenipa nisingeyanywa.

Sasa, haki yake nitampa, maana ukweli haukataliki. Alijua kufundisha. Alikaa kitandani, akanipa kiti, akasema, "Wewe unanichekanga kwa sababu nasema gani kwa kila kitu. Chumba gani, mashua gani, watu gani. Gani haibadiliki, si ndio?"

"Haibadiliki."

"Na wewe unasema aje?"

"Chumba kipi, mashua ipi, watu wepi, magari yapi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila jina lina ngeli yake! Hata mtoto anajua."

"Basi *quel* si gani. *Quel* ni hiyo *pi* yako. Wewe umeandika Kifaransa kama vile mimi naongea Kiswahili."

Ala! Nilitamani nimpige kofi, na nilitamani nicheke. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nikasema tu, "Endelea."

Akaniambia Wafaransa ngeli zao ni mbili, ya kiume na ya kike, na kila moja ina umoja na wingi, basi *quel* ina sura nne. Masikioni zinafanana, ndiyo maana mtu wa jikoni kama mimi asingezijua. Nikauliza, sasa nitazijuaje kama zinafanana? Akasema, "Kijiko unakiitaje?"

"*La cuillère.*"

"Bakuli?"

"*Le bol.*"

"Nani alikufundisha hiyo *la* na *le*?"

"Hakuna. Ndivyo wasemavyo."

"Basi ukitaka kuandika *quel*, kwanza uliza kwa mdomo bila kutaja jina. Kuna vijiko viwili mezani, unataka mtoto achague. Utasema aje?"

"*Laquelle ?*" Limetoka lenyewe, nimewauliza wale watoto mara elfu. Kijiko kipi, cha bluu au cha njano.

"Mabakuli mawili?"

"*Lequel ?*"

"Umesikia tofauti?"

Nilisikia. *La* na *le* zimo ndani yake, zimekaa mbele, zinasikika wazi. Akaniandikia. *Laquelle*, kata *la*, inabaki *quelle*. Basi ni *quelle cuillère*. *Lequel*, kata *le*, inabaki *quel*, basi *quel bol*. Vikiwa vingi utasikia *les* mbele, na hapo unatia s mwishoni. Ila *lesquels* na *lesquelles* zinafanana kwa sauti, basi rudi kwenye umoja, jiulize kimoja kingekuwa *le* au *la*. Safari ni *une excursion*, ya kike, basi *quelle excursion*, na nyingi *quelles excursions*. Siku ni *un jour*, basi *quels jours*. Nilikuwa nimelibeba jibu mdomoni kwa miaka yote.

Halafu akanionya jambo moja, na jambo hilo ndilo linalonikaa kooni mpaka leo. Alisema sisi Waswahili *pi* yetu inafanya kazi mbili. Tunasema mashua ipi, na mashua zikiwa mbele yetu tunasema tu, ipi? Neno ni lile lile. Mfaransa amezigawa hizo kazi. *Quel* haliwezi kukaa bila jina lake. Ama limeligusa, *quel bateau*, ama jina linakuja nyuma ya kitenzi, *quel est votre bateau*. *Lequel* ndilo linalosimama peke yake, pale jina limeshatajwa au unachagua kati ya vitu mnavyovijua, *lequel de ces deux bateaux*. "Usiwahi kuweka *lequel* na jina yake zikigusana," akasema. "*Lequel bateau* hakuna. Naona mtu mmoja darasani anaiandika kila siku, na haniulizi."

Nilijua ni nani. Nilishukuru kwa kichwa, nikavaa viatu, nikaenda zangu.

Nilikwenda Jumapili nne. Hatukuwahi kucheka pamoja. Nikikosea alisema "Tena" kwa sauti ya kuchukia, na mimi nikipatia nilimtazama kwa jeuri. Jumanne na Alhamisi tulirudi kantini, yeye anauliza mna swali, mimi naongoza kimya. Alinitazama machoni siku moja akitabasamu kidogo, nami nikatazama dirishani.

Wiki moja kabla ya mtihani tulikuwa mezani, mimi na binti, wageni wamekwenda kula. Akafungua daftari lake. "Shangazi, wewe unakisema Kifaransa sana. Hebu nambie, kwa nini hapa inakuwa *laquelle* na hapa *quelle*? Mbona zote kwetu ni ipi?"

Nilijua. Nilikuwa nimejua kwa karibu wiki tatu. Dakika tano zingetosha, ningemwambia, *lequel* halikai na jina, basi. Lakini angeniuliza nimejulia wapi. Angesema, shangazi, wewe si hukufungua kitabu hata siku moja? Naye si mjinga, angeunga moja na moja. Nikajiona nimesimama mbele ya wenzangu watano, mama mzima, nimekamatwa.

"Nitajuaje mimi?" nikamwambia. "Mimi ni wa jikoni."

"Nimwulize mwalimu siku moja tu? Kwa siri?"

"Tumekubaliana nini?"

Akafunga daftari. "Basi," akasema.

Mtihani tuliufanya Jumamosi asubuhi, na majibu yakaja baada ya siku kumi. Meneja alituita kantini, mwalimu amesimama pembeni na mkoba wake, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa umekwisha na hoteli haikutaka kuuongeza. Mmoja tu amefaulu, meneja akasema, akanitaja mimi. Wahudumu wakapiga makofi. "Mama, wewe ni kiboko!" Yule bwana wa bwawa akanipa mkono. Binti naye alipiga makofi, hata alitabasamu, ingawa midomo ilikuwa myeupe.

Meneja akaondoka. Mwalimu hakuondoka. Alikwenda kwa binti, akamwekea karatasi yake ya mtihani mezani. Kwenye maswali kumi na moja ilikuwa imetiwa wino mwekundu mahali pale pale. *Lequel bateau. Laquelle chambre. Lesquels jours.* Ngeli zote alizipatia. Wingi wote aliupatia. Kosa lilikuwa moja tu, limerudiwa mara kumi na moja.

"Hii ilikuwa swali moja," mwalimu akasema. "Ungeniuliza ningekujibu kwa dakika moja. Huyo mama yenu aliniuliza. Alikuja kwangu Sunday nne." Akatutazama sote, mmoja mmoja. "Msiwahi kusema mimi sikufundisha. Nilifundisha mwenye aliongea."

Akachukua mkoba wake akatoka, na hakuna aliyemsahihisha Kiswahili chake.

Ningependa kusema walinitukana. Hawakunitukana. Mhudumu mmoja alisema, "Ah, mama," akatikisa kichwa kama anacheka, wakatawanyika, kwa maana zamu ilikuwa inaanza. Binti alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni. "Shangazi, nakwenda kutoa vitu vyangu kwenye droo," akasema. Nikamwambia ngoja. Akasema, "Dobini wananitaka saa nane."

Nilikwenda kwa meneja siku ile ile. Nilimwambia ukweli wote, nikamwomba amrudishe, apewe mtihani mwingine. Alinisikiliza akichezea kalamu. Akasema utaratibu ni utaratibu, darasa jingine litakuwa mwakani, mwalimu mwingine, anaweza kujiandikisha. Nikamwambia kuhusu kifua. Akasema avae barakoa. Mimi sikusema basi nirudisheni mimi vyumbani. Nilifikiri kulisema, nilifika nalo mpaka kwenye meno, nikakumbuka vile vitanda. Nikasema ahsante.

Wiki ya tatu baada ya binti kurudi dobini, mama yake akaniambia kwenye ukuta wa uani, tukiwa tunaanika nguo, kwamba kikohozi kimerudi. Aliniambia vizuri tu, kama mtu anayesema habari za mvua. Sikujua kama anajua. Nilianika nguo zangu haraka nikaingia ndani, nikakaa kwenye kitanda na beseni tupu mikononi.

Ijumaa moja alasiri nikasikia hodi. Alikuwa ni binti. Amevaa sare ya dobi, hata hakupita kwao kuibadilisha, na mkononi ana lile daftari. Shikamoo aliitoa kamili, kama siku zote, nami nikaiitika. Nikasema, "Mwanangu, karibu, kaa, mimi nataka nikuombe..."

"Sikuja kuombwa radhi." Akaketi mkekani, akakohoa kwenye kiwiko, akangoja kikohozi kipite. Alifungua ukurasa mpya, akachora mstari katikati. Upande mmoja aliandika *quel*, upande wa pili *lequel*.

"Nataka yote aliyokupa," akasema. "Jumapili zote nne. Usiniachie hata moja."

Nikaanza kumwambia jinsi nilivyoona haya, jinsi ilivyokuwa. Akainua kichwa kwenye daftari, akanitazama kwa macho makavu.

"Shangazi, uliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Sasa sema."